Panga Video Yako kwa Maandishi Kabla ya Kurekodi: Okoa Nafasi ya Simu na Bando

Una biashara ndogo, una namba ya tili, na unataka video fupi ya kuweka kwenye Status ya WhatsApp ili wateja waone unachouza na walipe. Unatoa simu, unarekodi, unarudia, unarekodi tena. Ukifungua programu ya kuhariri, simu inakwambia nafasi imejaa. Unafuta picha za familia ili upate nafasi, unamaliza video usiku, kisha unatumia bando la siku nzima kuituma kwa mwenzako aikague. Naye anajibu: "Bei si hiyo, ilibadilika."

Shida hapa haiko kwa kamera. Uamuzi wa nini kikae na nini kitoke umefanywa mwisho, wakati kila kosa lishakuwa faili kubwa. Ukifanya uamuzi huo mapema, kwa maandishi, kosa linagharimu kufuta mstari mmoja tu. Katika somo hili tutafuata mfano mmoja hadi mwisho: fundi wa masweta ya shule anayetaka video ya sekunde 30 kabla ya muhula kuanza. Simu yake ina nafasi ya MB 900 tu iliyobaki.

Kwanza, jua sekunde moja inakula MB ngapi

Usikisie, kwa sababu kila simu ina yake. Rekodi kitu chochote kwa sekunde 10. Fungua video hiyo kwenye Gallery, tafuta maelezo yake (kwenye simu nyingi unagusa nukta tatu au unatelezesha kidole kwenda juu), kisha soma ukubwa wa faili. Gawanya kwa 10. Hiyo ndiyo bei ya sekunde moja kwa nafasi ya simu yako.

Kwenye simu ya fundi wetu, sekunde 10 kwa kiwango cha 1080p zilitoa MB 21, yaani MB 2.1 kwa sekunde. Alipoingia kwenye mipangilio ya kamera na kushusha hadi 720p, sekunde 10 zikawa MB 15, yaani MB 1.5 kwa sekunde. WhatsApp huibana video kabla ya kuiweka kwenye Status, na watu wanaitazama kwenye kioo kidogo cha simu. Kwa kazi hii 720p inatosha.

Sasa linganisha na maandishi. Herufi moja ya kawaida inachukua baiti moja. Sekunde moja ya video ya MB 1.5 ni sawa na herufi milioni moja na nusu. Unaweza kuandika mpango wa video, uufute, uuandike upya mara ishirini, na bado hujafikia hata sehemu ndogo ya sekunde moja ya kurekodi.

Hebu tuone fundi huyu angefanya nini bila mpango. Watu wengi hurekodi klipu kumi na kitu, kila moja ndefu kuliko inavyohitajika. Tuseme klipu 14 za sekunde 25 kila moja. Hizo ni sekunde 350, na kwa MB 2.1 kila sekunde, jumla ni MB 735. Zimebaki MB 165 kwa programu ya kuhariri, ambayo nayo huweka faili zake za muda huku ikifanya kazi, na mwisho hutoa video mpya juu ya zile za zamani. Simu inajaa kabla hajamaliza.

Andika video yote kwenye mistari

Huhitaji kupakua chochote. Programu yoyote ya kuandika madokezo iliyo kwenye simu yako inafaa, mradi ifunguke bila intaneti. Hata SMS ambayo hujaituma inatosha, na mwenye kabambe anaweza kufanya hivyo hivyo. Kila mstari ni klipu moja, na una vitu vinne: namba ya klipu, sekunde zake, kinachoonekana, na maneno yatakayoandikwa kwenye kioo.

Mpango wa fundi wetu ni huu:

```
1 - 4 - sweta mikononi, mlangoni - Shule zinafunguliwa
2 - 5 - mshono wa bega, karibu - Mshono mara mbili
3 - 4 - mkono wa sweta ukivutwa - Ukivutwa, unarudi
4 - 5 - rafu ya rangi - Rangi 4, saizi 24-36
5 - 5 - kadi ya bei, kimya - Sh 850
6 - 7 - kadi ya tili, kimya - Linganisha jina ukilipa
```

Jumlisha sekunde: 4, 5, 4, 5, 5 na 7 ni 30. Kama jumla ingekuwa 48, angekata mstari hapa hapa, wala si baada ya kurekodi. Hapa ndipo kuhariri kunafanyika.

Sekunde hizo zinatoka wapi? Usiziweke tu kwa kuotea. Fungua saa ya kupimia kwenye simu, soma maneno ya mstari kwa sauti, polepole, mara mbili. Muda huo ndio mtazamaji wa kawaida anahitaji ili asome bila kukimbizwa. Mstari wa 3 una maneno mawili, kwa hivyo sekunde 4 zinatosha na mkono wa sweta kuvutwa na kurudi. Mstari wa 6 una sekunde 7 kwa sababu mtu anasoma tarakimu na jina la biashara. Ukiona mstari unahitaji sekunde 10 ili usomeke, una maneno mengi. Punguza maneno, usiongeze sekunde.

Kwa nini maneno ya kioo na si kuongea tu? Watu wengi huangalia Status wakiwa kwenye matatu, kazini au usiku, na sauti wameizima. Kama bei umeisema kwa mdomo pekee, hao hawakuisikia. Basi andika lile la lazima, na ukitaka kuongea, ongea juu ya klipu za 1 hadi 4.

Tenga vitu vinavyobadilika

Angalia tena mistari ya 5 na 6. Bei imekaa peke yake. Tili imekaa peke yake. Zote mbili zimeandikwa "kimya". Hiyo si bahati, na ndiyo sehemu ya mpango itakayokuokolea pesa nyingi zaidi.

Mshono wa sweta hautabadilika muhula ujao, wala rangi za rafu, pengine. Bei ya uzi ikipanda, bei ya sweta itabadilika. Ukihama duka au ukipata tili mpya, kadi ya mwisho itabadilika. Kama umesema "mia nane hamsini" katikati ya sentensi ndefu inayoanza klipu ya 2 na kuishia klipu ya 5, bei ikipanda huna budi kurekodi yote upya. Lakini kama bei imekaa kwenye klipu yake, bila sauti inayovuka mpaka wake, unarekodi sekunde 5 tu na kuzibadilisha.

Kwenye mpango huu bei inaanza sekunde ya 18 na kuisha sekunde ya 23. Muhula ujao fundi atafungua video yake ya zamani, akate kipande cha kuanzia 18 hadi 23, aweke klipu mpya ya kadi, na kazi imeisha. Andika mpaka huo chini ya mpango: "bei: 18 hadi 23". Miezi mitatu baadaye hutaukumbuka kichwani.

Muziki una hila yake hapa. Wimbo ukianza klipu ya 1 na kuendelea hadi ya 6, utakaposhona kipande kipya katikati, utasikia wimbo ukiruka. Ama uache muziki uishe kabla ya sekunde ya 18, ama usiuweke kabisa.

Tuma mpango ukaguliwe, usitume video

Mpango wa fundi una herufi chini ya 300. Hiyo ni SMS mbili. SMS moja hubeba herufi 160, na ndefu zaidi ikigawanywa kila kipande hubeba 153. Usiweke emoji hata moja: ikiingia, simu hubadilisha namna ya kuandika ujumbe wote, na kila kipande kinashuka hadi herufi 67. Ujumbe huo huo wa SMS mbili unakuwa SMS tano.

Mpelekee mwenzako wa dukani, au yule anayejua bei ya leo, na umuulize maswali mawili tu: bei na saizi ziko sawa? Kuna mstari ambao haueleweki? Akisema, "Saizi 36 imeisha," unafuta namba moja. Kosa lile lile likigunduliwa kwenye video iliyokamilika ya MB 20, unairekebisha, unaituma tena, naye anaipakua tena. MB 20 zako, MB 20 zake, kila safari.

Namba ya tili usiiandike kutoka kichwani. Inakili kutoka kwenye ujumbe uliokuja ulipofunguliwa tili, au kutoka kwa kadi rasmi, ibandike kwenye mpango, kisha lipa kiasi kidogo kwa namba hiyo na uone jina linalotokea. Likiwa ni jina la biashara yako, basi namba hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye kadi. Tarakimu moja ikikosewa kwenye video, kila mteja anayekuamini atamlipa mtu mwingine, na wewe utajua siku wateja watakapokuja kudai masweta.

Siku ya kurekodi: fuata mahali, si namba

Mpango una mpangilio wa kutazamwa. Kurekodi kunafuata mpangilio wa mwanga na mahali. Klipu za 1, 2 na 3 zinahitaji mwanga wa mlangoni, kwa hivyo rekodi hizo pamoja asubuhi. Kisha ingia ndani kwa rafu. Mwisho weka kadi mbili mezani, urekodi 5 na 6. Huna haja ya kuzunguka na sweta mkononi mara tatu.

Kila klipu, acha sekunde moja ya ziada mwanzoni na moja mwishoni, kwa sababu mkono hutikisika unapobonyeza. Kwa klipu sita hizo ni sekunde 12. Jumla inakuwa sekunde 42, na kwa MB 1.5 kila sekunde ni MB 63. Jipe ruhusa ya kurudia kila klipu mara moja tu: MB 126. Hapo fundi bado ana zaidi ya MB 770 za kufanyia kazi. Linganisha na zile MB 735 zilizokuwa zimeliwa bila mpango.

Ukirudia, angalia zote mbili papo hapo na ufute mbaya kabla ya kwenda klipu inayofuata. Ukisema utachagua jioni, utabaki nazo zote. Na kumbuka kwamba kwenye simu nyingi video iliyofutwa haiondoki mara moja. Inakaa kwenye Trash, mara nyingi hadi siku 30, ikiendelea kukalia nafasi ile ile. Ukimaliza kuchagua, fungua Trash uimwage.

Klipu iliyobaki, ipe jina kwa programu ya mafaili: `01.mp4`, `02.mp4`, hadi `06.mp4`. Simu huzipa majina marefu ya tarehe na saa, na kwa kuwa ulirekodi kwa mpangilio wa mahali, ni rahisi kuchanganya.

Kuna makosa mawili ambayo mpango hauwezi kuyaona, basi yatazame kwa macho. La kwanza ni kamera ya mbele: kwenye baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo, na tarakimu za tili zinasomeka kinyume. Tumia kamera ya nyuma kwa kadi. La pili ni mng'aro. Kadi iliyofunikwa plastiki ikiwekwa chini ya taa, tarakimu mbili zinaweza kupotea ndani ya mwanga. Iinamishe kidogo, au tumia karatasi ya kawaida na kalamu nene nyeusi. Ili kujua kama inasomeka, mwonyeshe klipu ya 6 mtu asiyeijua namba yako na umwambie aiandike. Akishindwa kumaliza kabla ya sekunde 7 kwisha, andika tarakimu kubwa zaidi.

Kuhariri: kazi ya kufuata orodha

Zima data kabla ya kufungua programu ya kuhariri. Programu nyingi za aina hii hupakua mitindo ya herufi, vibandiko na muziki kila unapogusa, na hapo bando linakwenda bila wewe kujua. Angalia pia kama hifadhi ya picha ya mtandaoni imewekwa ipakie kwa data ya simu. Kama Backup imewashwa hivyo, klipu zako zote, pamoja na zile mbaya, zinaweza kupanda mtandaoni kwa gharama yako.

Weka klipu kwa namba. Kata ile sekunde ya mwanzo na ya mwisho. Maneno ya kioo usiyaandike upya: nakili kutoka kwenye mpango na ubandike, maana hayo ndiyo yaliyokaguliwa. Hakikisha bei inaanza sekunde ya 18. Ikiwa imesogea hadi 19, sahihisha klipu iliyozidi, au badilisha maandishi ya mpango yafanane na video.

Toa video kwa 720p. Kwenye simu ya fundi ilikuwa karibu MB 20. Iangalie yote mara moja, sauti ikiwa imezimwa, kama mteja atakavyoiangalia. Kisha washa data na uipandishe mara moja.

Usichopaswa kuonyesha

Wafanyabiashara wengine hupenda kuweka picha ya jumbe za malipo ili kuonyesha kwamba wateja wanalipa. Ujumbe wa malipo una jina la mtu, na wakati mwingine namba yake ya simu na salio lako. Hayo ni maelezo ya mtu binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayoyalinda. Ukiona mstari wa mpango wako unasema "kioo cha simu, ujumbe wa malipo", ufute. Vivyo hivyo, mtoto akivaa sweta kwenye video, pata ruhusa ya mzazi kwanza. Au onyesha mabega na mikono bila uso, na video itabaki ikifanya kazi yake.

Baada ya kazi, weka nini?

Weka vitu viwili: video iliyotoka kwenye programu ya kuhariri, na mpango wa maandishi. Usitegemee ile ya kwenye Status, kwa sababu imeshabanwa na ukiihariri tena itaonekana na ukungu. Klipu za `01` hadi `06` zifute, umwage Trash, na nafasi yako irudi.

Fahamu tu kwamba kila ukifungua video iliyokamilika, ukabadilisha kipande na kuitoa tena, ubora unapungua kidogo. Mara moja au mbili hutaona tofauti. Ukifika mara ya nne au ya tano, herufi zitaanza kufifia pembeni. Hapo rekodi upya zote sita, mpango unao tayari, na ni kazi ya asubuhi moja.

Njia hii haifai kwa kila kitu. Mteja anayecheka akipokea sweta la mwanawe hawezi kuandikwa kwenye mstari kabla hajacheka. Ukitaka nafasi ya vitu kama hivyo, ongeza mstari wa 7 ulioandikwa "akiba - 5". Ukipata kitu kizuri, kiweke badala ya mojawapo ya klipu 1 hadi 4, zile ambazo si bei wala tili, kisha ujumlishe sekunde tena.

Kabla hujabonyeza kurekodi, jibu haya:

1. Sekunde moja inakula MB ngapi kwenye simu yangu?
2. Jumla ya sekunde za mpango ni ngapi?
3. Bei na tili ziko kwenye klipu zao, bila sauti inayovuka?
4. Namba ya tili nimeinakili na kuijaribu kwa malipo madogo?
5. Mwenzangu amesoma mpango na kukubali bei?
6. Nafasi iliyobaki ni angalau mara tatu ya MB za klipu zote, pamoja na za kurudia?

Swali la sita likikushinda, usianze kufuta picha za watoto. Rudi kwenye mpango, ufute mstari mmoja.